Barua 63 za Magodoro: Mwongozo wa Kumwandikia Meneja Mpya Mfululizo wa Matukio

"Kuna mvutano kidogo na yule wa magodoro," meneja wetu aliniambia akiwa anafunga mkoba. "Usijali, kila kitu kiko kwenye barua pepe."

Ni kweli, kila kitu kilikuwemo. Barua 63, kuanzia Machi hadi Mei 2024, kwenye mitiririko mitatu yenye vichwa tofauti. Nusu ya maneno ya zile barua yalikuwa nakala ya zilizotangulia, na picha zake nyingine hazikufunguka. Meneja alikuwa anaondoka Ijumaa tarehe 10 Mei. Mwenzake alikuwa anatoka Nairobi kuanza Jumatatu tarehe 13. Mimi, wa ofisi ya ununuzi, nikaambiwa nimwandikie muhtasari.

Hoteli yenyewe ina vyumba 14 na iko Shela, kisiwani Lamu. Jina lake naliweka kapuni, na la muuzaji wa Mombasa vilevile. Tuliagiza magodoro 28 kwa shilingi 14,500 kila moja, jumla 406,000, tukatanguliza nusu. Mzigo wa namna hii hushuka kwenye lori Mokowe, ukapanda boti hadi gati ya Shela, ukabebwa na hamali au punda hadi stoo. Unapita mikono kadhaa, na palipo na mkono ndipo ulipo mzozo. Sisi tulisema yamefika 26 na saba kati ya hayo yameloa maji ya bahari. Muuzaji alisema alitoa 28 mazima na anataka pesa zake zote.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kufupisha barua moja baada ya nyingine kwa mpangilio zilivyoingia. Nilijaza kurasa sita, na ukizisoma unajua nani alimwandikia nani, lakini hujui magodoro yaliloa lini. Meneja mpya hahitaji historia ya barua. Anahitaji historia ya mambo yaliyotokea, kwa siku yalipotokea, na kando ya kila jambo ajue nani anasema hivyo na karatasi iko wapi. Nilichana zile kurasa nikaanza upya, na namna nilivyofanya ni hii.

Kwanza, zipate barua zote

Usiamini mtiririko unaouona kwenye skrini. Gmail hukusanya barua kwa kichwa cha habari na viungo vya majibu, hivyo mtu akibadilisha kichwa, mtiririko unakatika na mwingine unazaliwa. Hata usipobadilishwa, ukipita barua 100 unagawanyika wenyewe. Tafuta kwa anwani ya muuzaji na tarehe, pamoja na zilizotupwa kwenye taka:

```
in:anywhere (from:muuzaji.example OR to:muuzaji.example) after:2024/02/28 before:2024/05/11
```

Tarehe ya `before` yenyewe haihesabiwi, kwa hiyo weka siku moja mbele. Kisha tafuta tena kwa neno la bidhaa, kwa namba ya LPO, yaani hati ya kuagizia mzigo, na kwa kiasi cha pesa. Kile cha mwisho ndicho kilichoniokoa. Nilipotafuta `203,000`, ikaja barua ya madai ya muuzaji ya tarehe 3 Mei. Nilikuwa nimeshaisoma. Safari hii nikabofya vile vinukta vitatu chini yake, mahali ambapo Gmail huficha maneno ya barua za nyuma, na humo nikakuta barua ya mhasibu wetu ya tarehe 30 Aprili: "Tutawalipa 174,000 mwisho wa mwezi ujao." Meneja hakuwekwa kwenye nakala. Barua yenyewe haikuwemo kabisa kwenye kisanduku cha ununuzi. Nilienda kwa mhasibu akanifungulia ya kwake, nami nikaihifadhi ile ya asili, kwa sababu maneno yaliyonukuliwa chini ya barua ya mtu mwingine yanaweza kuwa yamepunguzwa.

Basi fungua kila vinukta vitatu. Na kumbuka kwamba mtu akijibu barua, viambatisho haviendi na jibu; vinabaki kwenye barua ya kwanza. Ukiona "tazama picha nilizoambatisha" na picha hazipo, rudi nyuma kwenye ile ya asili.

Zikishapatikana, ondoa zilizojirudia, panga kwa saa ya kutumwa, na zipe namba: B1, B2, hadi mwisho. Hifadhi kila moja kama PDF yenye namba hiyo kwenye jina la faili. Kazi hii inachosha na haina ufundi wowote, ila bila namba meneja mpya atakuuliza "ipi?" kila baada ya dakika tano.

Tarehe mbili kwa kila jambo

Kila barua ina tarehe mbili: siku iliyoandikwa, na siku ya jambo linalozungumzwa ndani yake. Tarehe ya jambo ndiyo inayopanga mfululizo. Ile ya kuandikwa inakaa kwenye safu ya chanzo.

Mfano mwepesi ni amana yetu. Mhasibu aliandika tarehe 6 Machi, "nimeshatuma." Karatasi ya benki inasema pesa zilitoka tarehe 7. Nilichukua ya benki, nikataja barua ya mhasibu kama maelezo. Siku moja inaonekana si kitu, lakini ankara ya awali ya muuzaji ilisema mzigo utafika ndani ya siku 14 za kazi tangu amana ipokewe. Ukihesabu kutoka tarehe 7, ukaruka Jumamosi na Jumapili, unaishia Jumatano tarehe 27 Machi. Mzigo ulifika tarehe 4 Aprili. Hapo ndipo meneja anaona kuwa ulichelewa, bila wewe kuandika neno "ulichelewa."

Kazi ngumu iko kwenye tarehe zisizotajwa kwa namba. Tarehe 12 Machi, siku ya Jumanne, muuzaji aliandika: "Mzigo utatoka Alhamisi ijayo." Ni tarehe 14 au 21? Wako wanaosema Alhamisi ijayo wakimaanisha ile inayokuja, na wako wanaomaanisha ya wiki ijayo. Usikisie. Tafuta barua ya jirani inayofafanua: Ijumaa tarehe 15 meneja wetu aliuliza, "mzigo wa wiki ijayo bado upo?", na muuzaji akajibu "upo." Kwa hiyo ni 21, na ushahidi ni barua hizo mbili. Kama isingekuwepo barua ya kufafanua, ningeandika "14 au 21 Machi" nikaacha hivyo.

Sasa njoo kwenye barua iliyonifanya nicheke peke yangu ofisini. Jumanne tarehe 2 Aprili muuzaji aliandika: "Lori linatoka usiku wa Alhamisi, saa nne mzigo uko Mokowe, tayarisheni boti." Mtu wa pwani ataelewa. Kwetu siku huanza jua likitua, kwa hiyo usiku wa Alhamisi ni usiku wa kuamkia Alhamisi, yaani Jumatano baada ya magharibi. Saa nne ni saa nne asubuhi. Mzigo uko Mokowe Alhamisi tarehe 4 Aprili, 10:00. Mtu mwingine anaweza kusoma sentensi hiyohiyo akatoa Alhamisi usiku, kisha Ijumaa, na akiwa amezoea saa za Kizungu aandike 4:00. Meneja wetu mpya alikuwa anatoka bara. Niliandika "4 Aprili 2024, saa nne asubuhi (10:00)", nikaweka chini yake maneno ya muuzaji kama alivyoyaandika, ili mtu akibisha asibishane na mimi.

"Baada ya Idd" nayo haina tarehe. Muuzaji alisema hivyo tarehe 9 Aprili, mkesha wa Idd ya mwaka huo. Huwezi kuigeuza kuwa siku, basi inukuu ilivyo, kisha onyesha kilichofuata.

Andika mwezi kwa herufi. 4/5 kwetu ni tarehe nne Mei, lakini kompyuta iliyowekwa mtindo wa Kimarekani itaisoma tarehe tano Aprili, na jedwali lako litajipanga ovyo bila kukuambia.

Picha pia zina tarehe zake

Kuloa kwa magodoro kulitajwa kwa mara ya kwanza kwenye barua yetu ya Jumatatu tarehe 8 Aprili, ikiwa na picha nne. Hati ya kupokelea mzigo, iliyotiwa sahihi na mtunza stoo tarehe 4, inasema "26" na haisemi lolote kuhusu maji. Zimepita siku nne, na katika siku nne stoo inaweza kuvuja. Muuzaji akigundua pengo hilo ndipo atakapolishika.

Nikaangalia majina ya faili. Tatu zilikuwa za namna hii:

```
IMG-20240408-WA0012.jpg
```

Hiyo `WA` inaonyesha picha imepita WhatsApp, na tarehe iliyo kwenye jina ni ya siku ilipotumwa au kupokewa. Haisemi ilipigwa lini, na taarifa za ndani za kamera huwa zimeshaondolewa. Ya nne ilikuwa `IMG_20240404_115208.jpg`, yaani imetoka kwenye kamera ya simu moja kwa moja: tarehe 4 Aprili, dakika nane kabla ya saa sita mchana. Inaonyesha magodoro mawili yanatiririka maji juu ya ngazi za gati. Kwenye mfululizo, picha hiyo ikaingia tarehe 4, zile tatu zikaingia tarehe 8 na maelezo kwamba siku ya kupigwa haijathibitishwa. Kisha nikamtafuta mwenye simu ili picha za asili zisifutwe. Jina la faili linaweza kubadilishwa na yeyote. Picha yenyewe ndani ya simu ina uzito zaidi.

Namna ya kuandika mistari

Mstari mmoja uwe na jambo moja. Nani alifanya, alifanya nini, chanzo. Hivi ndivyo ilivyokuwa sehemu ya jedwali letu:

| Siku ya jambo | Jambo | Chanzo |
|---|---|---|
| 4 Machi 2024 | Hoteli yaagiza magodoro 28. LPO inasema "kufikishwa Shela." | B1, kiambatisho |
| 7 Machi | Amana ya 203,000 yatoka benki. | Karatasi ya benki. B4 (mhasibu ataja 6 Machi) |
| 26 Machi | Meneja wa hoteli aandika: "Boti tutatafuta sisi." | B19 |
| 4 Aprili | Mtunza stoo atia sahihi kupokea magodoro 26. Hakuna maelezo ya hali yake. | B31, hati ya kupokelea |
| 4 Aprili | Muuzaji adai alikabidhi 28 Mokowe, mazima. | B61, barua ya 3 Mei |
| 8 Aprili | Hoteli yaripoti magodoro 7 yameloa na 2 hayapo. | B31, picha 4 |
| 9 Aprili | Muuzaji ajibu: "Tutaangalia baada ya Idd." | B32 |
| 10–30 Aprili | Hakuna barua ya muuzaji iliyopatikana. Hoteli yaandika tarehe 16 na 24. | B35, B38 |
| 30 Aprili | Mhasibu wa hoteli amwandikia muuzaji: "Tutawalipa 174,000 mwisho wa mwezi ujao." | Kisanduku cha mhasibu |

Tazama mistari miwili ya tarehe 4 Aprili. Wa kwanza una sahihi, kwa hiyo nimeuandika kama jambo. Wa pili ni kauli ya upande mmoja, iliyoandikwa mwezi mmoja baadaye, kwa hiyo una neno "adai." Neno hilo litumie kwa pande zote mbili. Kule kuloa nako, mpaka picha ile ya tarehe 4 ilipopatikana, kulikuwa dai letu sisi.

Ukimya ni jambo la kuandikwa pia, ila uandike kwa uangalifu. Rasimu yangu ya kwanza ilisema "muuzaji alitupuuza wiki tatu." Sikuwa na uhakika huo. Huenda alipiga simu. "Hakuna barua iliyopatikana" ni kitu ninachoweza kukisimamia. Na kweli, baadaye meneja aliyeondoka alikumbuka simu moja katikati ya Aprili. Nikaiongeza: "Simu, katikati ya Aprili, tarehe haijulikani; kwa kauli ya meneja aliyeondoka."

Mistari ya 4 Machi na 26 Machi, kwa maoni yangu, ndiyo moyo wa mzozo wote. LPO inasema mzigo ufikishwe Shela, maana yake bahari ni jukumu la muuzaji. Kisha meneja wetu, kwa nia njema na kwa haraka, akaandika kwamba boti tutatafuta sisi. Je, alikuwa anamsaidia muuzaji tu, au alibeba dhamana ya kilichotokea kati ya Mokowe na Shela? Sijui, na kazi ya mfululizo si kujibu. Kazi yake ni kuiweka mistari hiyo miwili mahali ambapo haiwezi kupitwa na jicho, hasa ule usiotufurahisha. Mkubwa akisoma karatasi inayopendelea nyumbani, ataingia kwenye mazungumzo akiwa kifua mbele, kisha atatolewa barua B19.

Pesa ziwe peke yake

Usitawanye hesabu ndani ya jedwali. Kwetu kulikuwa na madeni matatu yanayozunguka, na watu walikuwa wanayataja bila kusema yametokana na nini. Muuzaji anataka 203,000, yaani 28 zote ukitoa amana. Mhasibu aliahidi 174,000, yaani 26 zilizofika ukitoa amana. Aliangalia hati ya kupokelea, na hakuna aliyemwambia habari za maji. Meneja alikuwa anasema 72,500, yaani 19 yaliyofika makavu ukitoa amana. Tofauti kati ya hesabu ya mhasibu na ya meneja ni 101,500, ambayo ndiyo bei ya yale saba. Andika hivyo, kila kiasi na hesabu yake, na ueleze ni nani aliyekitaja na lini.

Ongeza na hali ya bidhaa leo. Yale 19 yalikuwa yameshatandikwa vyumbani. Saba yalikuwa yameegemezwa stoo, chumvi imekauka juu yake. Hili si la kupamba: chini ya Sheria ya Mauziano ya Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, mnunuzi akikaa na bidhaa kwa muda wa kutosha bila kumwambia muuzaji kwamba anazikataa, huhesabiwa kuwa amezikubali. Kwa hiyo meneja lazima ajue ni barua gani, kama ipo, inayosema waziwazi "tunayakataa." Nilitafuta. B31 inasema "hatujaridhika." Nikanukuu maneno hayo na sikuyatafsiri.

Visivyoingia humo

Kulikuwa na barua mbili kutoka kwa wakili wa hoteli. Hizo hazimo kwenye jedwali, kwa sababu jedwali la namna hii husafiri: atapelekewa mwenye hoteli, mhasibu, siku moja litaambatishwa kwa bahati mbaya kwenye jibu la muuzaji. Ushauri wa wakili ni siri kati yake na mteja, na siri iliyotoka hairudi. Niliziweka kwenye bahasha ya meneja peke yake.

Kulikuwa pia na barua moja ya muuzaji yenye maneno "Without Prejudice" juu yake, akipendekeza punguzo. Hiyo ni barua ya kutafuta suluhu, na kwa kawaida haitolewi mahakamani. Nayo nikaitenga, nikaandika tu kwenye bahasha hiyohiyo kwamba ipo na ni ya siku gani.

Ukurasa wa juu

Jedwali lilipokamilika lilikuwa kurasa mbili. Juu yake nikaweka nusu ukurasa, nikauandika mwisho wa yote. Mstari wa kwanza haukuwa kuhusu magodoro:

"Ijumaa 17 Mei 2024: unaisha muda wa siku 14 uliotolewa na muuzaji katika barua yake ya 3 Mei (B61). Hadi leo, 11 Mei, haijajibiwa."

Meneja mpya anaanza tarehe 13. Ana siku nne. Kama angelazimika kusoma hadi B61 ili kugundua hilo, siku mbili zingeshakwenda. Chini ya mstari huo niliandika sentensi tatu za kisa kwa ufupi, yale madeni matatu, halafu maswali ambayo barua hazikuyajibu: nani alilipa boti, nahodha alihesabu mangapi Mokowe, na kama ahadi ya mhasibu ilikuwa na idhini.

Kabla ya kuchapisha, mpe mtu aliyekuwepo akusomee. Jumamosi tarehe 11 nilimpelekea mtunza stoo pale barazani. Akasoma polepole, kidole juu ya mstari, mpaka tarehe 4 Aprili.

"Hapa pana upungufu, mwanangu," akasema. "Mimi nilimwambia dereva wa boti aniandikie kwamba yameloa. Aliandika nyuma ya karatasi."

"Nyuma ya karatasi gani, mzee?"

"Hii hii hati ya kupokelea. Nyinyi mlipiga picha upande wa mbele tu."

Tukaenda stoo tukaitoa kwenye faili. Nyuma, kwa kalamu ya bluu: "7 yameingia maji njiani. 4/4." Pana sahihi ya dereva, hapana ya muuzaji. Nikaipiga picha pande zote mbili, nikaongeza mstari, nikafuta maneno "Hakuna maelezo ya hali yake" na kuandika "Upande wa mbele hauna maelezo ya hali, nyuma pana maandishi ya dereva wa boti." Kisha nikaongeza swali la nne kwenye ukurasa wa juu: je, nakala aliyobaki nayo muuzaji ina maandishi hayo?